Panja

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa mwanamume anayepoteza nywele. Zikirudi nyuma pembeni mwa kipaji, ana panja. Zikitoka utosini, ana upara. Zikiisha kabisa tunamwita Mzee Kipara mbele ya wanawe na hakuna anayekasirika. Mwenyewe hujibu kwamba akili zimezisukuma nywele, au kwamba hiyo ni pesa inatafuta pa kutokea. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwaonya wanaume wenye vipara wajihadhari, kwa sababu kulikuwa na mauaji yaliyohusishwa na imani kwamba vichwa vya aina hiyo vina dhahabu. Ni habari ya kutisha, lakini tazama imani yenyewe inavyosema: hata kwa mshirikina, kipara cha mwanamume ni mali.

Mwanamke hana jina lake. Kwake tunatumia vitenzi: nywele zimemkatika, zimemnyonyoka, zimemwisha. Na kitenzi kinadai sababu. Kimempata nini? Miaka ya 1990, mtaani kwetu Dar es Salaam, jibu lilikuwa moja. Ukimwi ukikomaa huweza kuzipunguza nywele za kipilipili na kuzilegeza zikawa laini, na watu walijifunza kukisoma kichwa cha mwanamke kabla hawajamsalimia. Mwanamume mwenye ugonjwa uleule alipita bila kusomwa, kwa sababu alinyoa kila wiki hata alipokuwa mzima. Siku hizi hakuna anayetamka ugonjwa huo. Watasema homoni, watasema mawazo, watasema kuna mtu aliokota nywele zake saluni akazipeleka kwa mganga. Sababu zimebadilika, ila ulazima wa kuitafuta sababu umebaki palepale.

Mtu angeweza kudhani kwamba aibu inatoka kwenye kichwa kitupu. Sivyo. Mwanamke wa Kimaasai hunyoa kichwa chote na hapo ndipo shanga zake zinapoonekana vizuri. Anayefuga nywele ndefu, akazisuka na kuzipaka ngeu, ni morani. Wasichana wetu wengi wamesoma sekondari wakiwa wamenyolewa, na hakuna aliyewahurumia. Mjane akinyoa, kila mtu anajua maana yake. Kichwa cha mwanamke kisicho na nywele kimekuwapo Afrika Mashariki tangu zamani bila matatizo, maadamu kuna aliyeamua kiwe hivyo. Kinachoumiza ni nywele zilizoondoka bila kuagwa, tena zikaondoka vipandevipande, hapa zipo na pale hazipo, mpaka mwenyewe akalazimika kuziba.

Na kuziba ndiko kunakonifanya niandike sura hii. Kati ya njia zote ambazo mwanamke anaweza kupoteza nywele, ile iliyoenea zaidi katika saluni zetu ina tabia moja ya ajabu: vitu tunavyoificha navyo ndivyo vinavyoizidisha. Nimeiona kwa karibu kichwani mwa dada yangu.

Dada alimaliza kidato cha nne akiwa na kichwa cha mwanafunzi. Wiki hiyohiyo alianza kufuga, na nywele zilipofika urefu wa kushikika akatia dawa. Dawa ya kunyoosha nywele hufanya kazi kwa kuvunja viungo vilivyo ndani ya unywele, vile vinavyoufanya ujikunje. Unywele hulala, lakini hubaki dhaifu kuliko ulivyokuwa. Baada ya dawa zikaja rasta, baada ya rasta wiving, kisha rasta tena, miaka 15 bila kupumzika. Kati ya kufumua na kusuka tena hakukuwa hata na siku mbili.

Kuna jambo msusi analijua ambalo mteja halifikirii. Rasta hulipiwa mara moja lakini huhukumiwa kwa muda zinaokaa. Nimekaa kwenye kiti cha saluni, nikasikia dada akisema, "Usinibane sana mbele," na msusi akajibu bila kuinua macho: "Nikilegeza mbele zitafumuka kabla mwezi haujaisha, utakuja kunidai." Alikuwa anasema kweli. Mteja anayelipa shilingi 30,000 anataka rasta za wiki nane, tena mbele ndipo watu wanapoangalia, kwa hiyo mbele ndiko kunakokazwa zaidi. Usiku ule dada alimeza vidonge viwili vya maumivu ili apate usingizi. Asubuhi nyusi zake zilikuwa zimevutwa juu kama mtu aliyeshtuliwa, na pembeni mwa kipaji kulikuwa na vipele vidogo vyenye usaha, kila kimoja kimekaa kwenye shina la unywele. Mama alivikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Hakuna aliyeona ajabu. Sote tulishawahi kukandwa.

Vile vipele ndio mwanzo wenyewe. Mzizi unaovutwa muda wote huvimba. Ukiachwa upumzike, uvimbe hupoa na unywele mwingine huota palepale. Ukivutwa tena kabla haujapoa, na tena, na tena, mzizi husinyaa, unywele unaoota huwa mwembamba kuliko uliotangulia, na mwisho mwili hufanya unachofanya kwenye kidonda chochote cha muda mrefu: unajaza kovu. Kovu halioti nywele. Kati ya vipele vya kwanza na kovu kuna miaka kadhaa, na ndani ya miaka hiyo ugonjwa huu unarudi nyuma wenyewe ukiondolewa mvuto. Ni magonjwa machache ya nywele yenye mlango mpana namna hiyo. Lakini ndiyo miaka ambayo mwanamke anajificha.

Wala si ugonjwa wa nywele zetu peke yake. Maelezo yake ya kitabibu ya mwanzoni yalitoka Greenland mwaka 1907, kwa wanawake waliobana nywele zao kwa nguvu juu ya kichwa. Wenye nywele za singa, kwenye barafu, walikuwa na panja kama za dada yangu wa Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba sisi tunavuta kwa wingi na kwa miaka mingi. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake mjini Cape Town, uliochapishwa 2007, ulikuta dalili zake kwa karibu mwanamke 1 kati ya 3, na hatari kubwa zaidi ilikuwa kwa wanaosuka juu ya nywele zenye dawa. Ndiyo njia aliyopita dada: kulainisha kwanza, kisha kuvuta.

Alipojifungua mtoto wa pili, mambo mawili yaligongana. Mtoto alipofika miezi mitatu, nywele zilianza kutoka kichwa kizima, kwenye mto, kwenye chanuo, kwenye sabuni ya kuogea. Bibi yetu hakushtuka. "Mtoto kaanza kumcheka mama yake," alisema, "nywele lazima ziende." Bibi alikuwa na hesabu sahihi. Wakati wa ujauzito nywele nyingi hukaa kichwani kuliko kawaida. Baada ya kujifungua zile zilizocheleweshwa huingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na kwa kuwa mapumziko ya unywele huchukua miezi miwili hadi mitatu, zinaanguka wakati ambao mtoto ameanza kutabasamu. Hali kama hiyo huweza kumpata mtu baada ya homa kali au upasuaji. Inatisha kwa macho lakini mizizi iko hai, na nyingi hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12.

Kwa dada zilirudi, isipokuwa panja. Na kwa sababu alikuwa ameziweka nywele zote kwenye lawama moja, ile ya uzazi, aliendelea kungoja panja nazo zirudi. Alipochoka kungoja akashonewa wiving yenye nywele nyingi za mbele ili zimwangukie kipajini. Ili wiving ishike, msusi husuka kwanza mistari ya nywele za mtu mwenyewe, kisha hushona juu yake kwa sindano na uzi. Mistari ya mbele ndiyo hubeba uzito. Kila panja lilivyopanda juu, mistari ilianzia nywele za nyuma zaidi, nazo zikaanza safari ileile. Baadaye akahamia kwenye wigi la gundi. Gundi hupakwa kwenye ngozi ya kipaji, na ukibandua inaondoka na malaika, vile vinyweleo laini ambavyo ndivyo vingekuwa ishara ya kwanza ya nywele kurudi.

Dada hakumweleza mtu. Msusi pekee ndiye aliyejua, na hata kwake walikuwa wanaongea kwa nusu sentensi. Saluni nyingi zina pazia au chumba cha ndani. Hudhaniwa ni cha wenye hijabu, lakini muulize msusi aliyekuamini atakwambia nani hasa anakitumia. Mteja anaingia na kilemba, anakaa nyuma ya pazia, anatoka na nywele mpaka mgongoni.

Hapa niseme neno kuhusu hijabu, maana mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba mwanamke wa Kiislamu ana nafuu kwa kuwa amejisitiri. Labda kwa mtu anayemwona barabarani. Ushungi unaficha nywele kwa wanaume wasiomhusu, ambao pengine maoni yao si kitu kwake. Ukivuliwa, unavuliwa mbele ya wale ambao jicho lao linauma: wifi, mawifi wa wifi, wanawake wote wa upande wa mume siku ya shughuli ya ndani, pale ambapo nywele zimefukizwa udi na kupambwa asumini kwa ajili ya kuonwa. Rafiki yangu wa Unguja alikwepa harusi tatu mfululizo kwa kisingizio cha kichwa kumuuma, jambo ambalo, alisema akicheka, lilikuwa karibu na kweli. Pia hutakiwi kusahau kwamba ushungi wenyewe, ukifungwa juu ya kibanio kilichokazwa mahali palepale kila siku, nao ni mvuto.

Kuna namna nyingine za kujiziba. Penseli ya nyusi hupakwa kwenye panja kwa michirizi mifupi mpaka ngozi ifanane na nywele. Ukitokwa jasho kwenye daladala inashuka. Kuna poda za rangi za kunyunyiza utosini. Kuna mafuta ya mnyonyo, ya nazi, habasoda, maji ya kitunguu, mshubiri. Sina ugomvi na mafuta. Yanalainisha unywele uliopo na usikatike ovyo, na kule kujipaka usiku kuna faraja yake. Ila hakuna mafuta yanayopenya kovu, na muuzaji anayekuonyesha picha za kabla na baada amekuonyesha mtu ambaye mizizi yake ilikuwa hai, au watu wawili tofauti.

Dada alikwenda kliniki ya ngozi akiwa na miaka 34, na aliyemsukuma si mimi. Alianza kuhisi kuwashwa na kuungua utosini, akaogopa. Daktari, mwanamke wa makamo, alimwomba avue wigi, akafunga mlango kwanza. Halafu akafanya mambo ambayo hayakuhitaji mashine. Alishika kishungi cha nywele kama 50 kati ya vidole, akavuta taratibu mpaka mwisho. Zikitoka zaidi ya 5 au 6, kuna mnyonyoko unaoendelea. Zilitoka mbili. Akatenganisha nywele katikati ili aone kama njia imepanuka, maana kuna upungufu wa kurithi wa wanawake ambao hukonda juu na kuacha mstari wa mbele ukiwa mzima. Njia ilikuwa ya kawaida. Alikagua utosi kwa lenzi, akitafuta makovu.

Huko utosini ndiko alikokaa sana. Kuna ugonjwa mwingine, mkali zaidi, unaoanzia katikati ya utosi kwa wanawake weusi na kutanuka kwa duara, ukiacha ngozi laini inayong'aa. Kwa miaka mingi waliambiwa ni vitana vya moto, ni dawa, ni rasta, yaani ni wao wenyewe. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa hao wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuuunda unywele. Mitindo huenda ikauzidisha, lakini wengine wamezaliwa na mlango wazi. Nafikiria wanawake waliotubu kosa ambalo hawakulitenda. Kukiwa na shaka daktari huchukua kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 4 na kukipeleka maabara. Kwa dada haikuhitajika; kuwashwa kulikuwa kwa mba uliofungiwa chini ya wigi.

Mwisho daktari alifika kwenye panja. "Unaona hizi?" akasema, akimshikisha dada kioo. Mbele kabisa, mahali mstari wa nywele ulipokuwa zamani, palikuwa na safu ya vinyweleo vifupi, na nyuma yake ndipo uwazi ulipoanzia. Safu hiyo ndiyo inayoufichua ugonjwa wa kuvutwa. Imesalia kwa sababu vinyweleo vyake ni vifupi mno. Vidole vya msusi haviwezi kuvishika. Kisha akamwonyesha tofauti ya pande mbili. Upande wa kushoto, ndani ya uwazi, bado kulikuwa na vitundu vidogo vya ngozi na malaika wachache. Upande wa kulia ngozi ilikuwa laini kama ya mkono kwa ndani, bila kitundu hata kimoja.

"Wewe unatumia mkono gani kuchana?" daktari aliuliza.

"Wa kulia."

"Na msusi wako anaanzia wapi?"

Dada akafikiri. "Kulia. Mikono yake ikiwa bado haijachoka."

Akaagizwa vipimo vya damu, kwa kuwa alikuwa na watoto wawili na hedhi nzito, na akiba ya madini ya chuma ilikutwa chini kweli. Kwa mba alipewa shampuu. Kwa panja la kushoto alichomwa sindano ndogondogo za steroidi pembezoni ili kupoza uvimbe, na alipomwachisha mtoto ziwa akaanza minoksidili ya kupaka. Dawa hii ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, hadi madaktari walipoona wagonjwa wanaota nywele. Daktari alimpa tahadhari tatu ambazo wauzaji wa dukani hawazitaji: wiki za mwanzo nywele huweza kutoka zaidi, kwa hiyo asikimbie; asitarajie kitu kabla ya miezi minne; na ikitiririka usoni itaotesha nywele za mashavuni. Kwa panja la kulia hakumpa chochote, akamwambia kwa nini.

Agizo gumu kuliko yote halikuwa dawa: asisuke, asishone, asibandike, mwaka mzima. Maana yake, kwa miezi yote hiyo, watu wangemwona.

Alitafakari wiki mbili, kisha akaenda kwa kinyozi wa mtaa wa tatu, asikojulikana. Nilimsindikiza. Kinyozi, kijana wa miaka kama 20, aliwasha mashine, akauliza, "Namba ngapi, sista?" kama anavyomuuliza kila mtu. Dada hakujua kuwa kuna namba. "Mbili," nikasema mimi. Dakika saba, shilingi elfu mbili. Alipomaliza alimpulizia spiriti kisogoni, dada akaruka, na kwenye kioo kukawa na mwanamke mwenye kichwa kidogo cha mviringo na panja mbili kama za baba yetu. Sikuwahi kugundua wanavyofanana.

Kazini walimuuliza nani kafa. Swali hilo aliulizwa mara nyingi kuliko nilivyotegemea, na kila mara kwa heshima. Akijibu kwamba hakuna msiba, kanyoa tu, mazungumzo yaliishia hapo, kwa kuwa kunyoa ni jambo ambalo mtu ameamua. Hakuna aliyezitaja panja. Nywele zikiwa fupi kila mahali, mpaka kati ya zilizopo na zisizokuwapo hauonekani sana, na ndiyo maana wanaume wenye akili nao hufanya hivyohivyo.

Unywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kila tarehe mosi nilimpiga picha pale kwenye dirisha la jikoni, mwanga uleule. Mwezi wa tatu hakuna kitu. Mwezi wa tano, kushoto, kulikuwa na kivuli ambacho tulibishana kama kipo. Mwezi wa nane kilishikika kwa vidole. Mwaka ulipotimia alisuka mabutu manne makubwa, mepesi, kwa msusi yuleyule, ambaye alilipwa kama wa rasta ili asiyakaze. Yalikaa wiki mbili.

Panja la kulia liko vilevile. Siku za harusi analipaka penseli. Moja humtosha karibu mwaka.